Hizi Shilingi Mbili ni za Nani?

Karani wa chuo kimoja cha kompyuta hapa Nairobi alichukua cheti changu cha kidato cha nne, akakikodolea macho, akanirudishia. Hisabati: D+. "Sisi huchukua C+ kwenda juu," akasema. "Kompyuta ni hesabu, kijana." Nikashuka ngazi. Ng'ambo ya barabara, kwenye ukuta wa jengo lingine, kulikuwa na bango la rangi ya machungwa: jifunze kuandika programu kwa wiki 12, huhitaji hesabu hata kidogo. Mnajua nilivuka barabara.

Sasa nakula kwa kuandika programu, na nina neno na wote wawili. Karani alinidanganya. Wa bango naye alinidanganya, na uongo wake ndio ulionigharimu zaidi, kwa sababu niliuamini.

Tuanze na karani, kwa sababu ni rahisi kummaliza. Ile D+ ilipatikana kwa nini? Kwa milinganyo ya kwadratiki, kwa matriki, kwa logi za kitabu cha majedwali, kwa kalkulasi, na kwa lile swali la longitudo na latitudo ambalo darasa zima tuliliruka tukalikimbilia la hesabu za biashara. Sasa niambie. Kijana anayeanza leo atajenga nini? Tovuti ya duka la mitumba. Programu ya kuagiza chakula. Orodha ya wagonjwa wa kliniki ya mtaa. Ankara za fundi wa mabomba. Hakuna kwadratiki hata moja humo, na kalkulasi huwezi kuiona hata ukiitafuta na tochi. Kumfungia mtu mlango kwa sababu ya mada ambazo kazi yake haitazigusa ni sawa na kumnyima mtu leseni ya bodaboda kwa sababu hajui kuogelea.

Lakini wa bango. Huyo ndiye nina ugomvi naye.

Baada ya wiki zangu 12, mathe alinipa kazi ya kwanza. Chama chao kina wanachama 23, na mwisho wa mwaka walikuwa na faida ya shilingi 68,400 ya kugawana sawa kwa sawa. Nikafungua laptopu kwa madaha. Jumla gawanya kwa watu, kadiria hadi shilingi nzima iliyo karibu, chapisha. Kila mmoja 2,974. Nikafunga laptopu, nikaletewa chai.

Mweka hazina wa chama, ambaye kila mtu humwita Shosh, hana laptopu. Ana daftari la mistari ya miraba na kalamu mbili, nyekundu na buluu. Alizidisha 2,974 mara 23 kwa mkono, polepole, huku tukimngoja. Akapata 68,402. Akaniangalia juu ya miwani.

"Kijana wangu, sanduku lina sitini na nane elfu na mia nne. Hizi shilingi mbili ni za nani?"

Manze, sikuwa na jibu. Nilijaribu kucheka, nikasema ni mbili tu. Akaniambia pesa za chama hazina "tu".

Kilichotokea ni hiki. Ukigawanya 68,400 kwa 23 unapata 2,973 na vipande: 2,973.913. Nilipokadiria kwenda juu, kila mtu aliongezewa karibu senti tisa. Senti tisa mara watu 23 ni shilingi mbili ambazo hazikuwepo. Programu yangu ilitengeneza pesa hewani. Kama kipande kingekuwa chini ya nusu ingekadiria kwenda chini, pesa zingebaki bila mwenyewe, na hapo ndipo watu huanza kuulizana mafumbo.

Dawa yake ni hesabu ya shule ya msingi, ile ya kugawanya na kuandika baki. Nilikuwa nimeisahau kwa sababu kikokotoo kilituzoesha desimali:

```
jumla = 68400
watu = 23
kila_mmoja = jumla // watu
baki = jumla % watu
```

Alama ya `//` inagawanya na kutupa vipande: 2,973. Alama ya `%` hapa haihusu asilimia, inatoa baki: 21. Kwa hivyo wanachama 21 wanapata shilingi moja zaidi, yaani 2,974, na wawili wanabaki na 2,973. Jumlisha: 62,454 na 5,946. Ni 68,400 kamili. Shosh aliihakiki kwa kalamu nyekundu, akapiga tiki.

Halafu akauliza swali la pili, gumu kuliko la kwanza. Hao wawili wanaokosa shilingi ni akina nani? Mimi nilikuwa nimewaacha wawili wa mwisho kwenye orodha, na orodha ilifuata alfabeti. Maana yake ni kwamba Wambui na Wanjiru wangekatwa kila mwaka mpaka kiama. Hapo hesabu haiamui chochote, chama ndicho kinachoamua, na kikaamua iwe zamu. Zamu nayo ni baki ile ile. Wape wanachama namba kutoka 0 hadi 22, na anayefuata kukosa ni `(wa_mwisho + 1) % 23`. Ukifika 22 unaongeza moja unapata 23, baki ya 23 kwa 23 ni sifuri, mnarudi kwa mtu wa kwanza. Alama hiyo moja ndiyo inayozungusha kalenda, saa, zamu za walinzi na picha zinazopokezana kwenye tovuti. Kama kuna hesabu moja ya kumfundisha anayeanza kabla hajagusa kitu kingine, ni hiyo.

Kuna mtu anasema, basi si utumie desimali, ulipe hadi senti ya mwisho? Fungua Python uandike hivi:

```
0.1 + 0.2
```

Utajibiwa `0.30000000000000004`. Mashine si mbovu. Sisi tunaandika kwa makumi, na theluthi moja hatuwezi kuimaliza: 0.333 na kuendelea. Kompyuta inaandika kwa mbili mbili, na kwa mbili mbili ni sehemu moja ya kumi ndiyo isiyoisha. Inakata mahali fulani, inabaki na uchafu mdogo mwishoni. Kwenye mchezo wa mpira wa kompyuta uchafu huo hauonekani. Kwenye pesa, ukilinganisha salio na sifuri, unakuta mtu aliyelipa deni lote bado anadaiwa kitu kisichoandikika, na anatumiwa meseji ya kumkumbusha alipe. Ndiyo maana pesa tunaihifadhi kama senti kamili: shilingi 150.50 ni 15050, bila nukta, na nukta tunairudisha tu wakati wa kumwonyesha mtu. Hiyo si kalkulasi. Ni kujua namba yako imeandikwaje.

Aibu ya pili ilikuja mwezi uliofuata, na hii ndiyo watu hawaihesabu kama hisabati kabisa, kwa sababu haina namba. Sheria ya chama: ambaye hajalipa kufikia tarehe 5, na hana ruhusa, anatozwa faini ya shilingi 200. Mwezi huo 20 walikuwa wamelipa. Watatu hawakuwa wamelipa, mmoja wao akiwa na ruhusa maana alikuwa amelazwa. Faini mbili, basi. Mimi niliandika:

```
if not (amelipa and ana_ruhusa):
    toza(200)
```

Nisome kwa sauti ya Kiswahili: "si kweli kwamba amelipa na ana ruhusa, mtoze." Inasikika vizuri, sivyo? Lakini angalia aliyelipa ambaye hakuhitaji ruhusa. Je, amelipa *na* ana ruhusa? Hapana, hana ruhusa. Basi anatozwa. Aliyelazwa ana ruhusa lakini hajalipa, basi anatozwa. Hakukuwa na mtu hata mmoja mwenye vyote viwili. Saa mbili usiku wanachama wote 23 walipata meseji ya faini, mwenyekiti akiwemo, na yule aliyelazwa akaipokea akiwa wodini. Shilingi 4,600 za faini ya kubuni. Mathe hakunisemesha kwa siku mbili.

Nilichokusudia ni hiki:

```
if not amelipa and not ana_ruhusa:
    toza(200)
```

Ukiingiza "si" ndani ya mabano, "na" inageuka "au". "Si (amelipa *au* ana ruhusa)" ndiyo sawa na "hajalipa na hana ruhusa". Kanuni hiyo ina jina la Augustus De Morgan, Mwingereza wa karne ya 19, lakini wakili yeyote wa mahakama ya Milimani anaijua bila kumjua De Morgan. Njia ya kuihakiki ni ya kitoto: chora jedwali la mistari minne. Amelipa na ana ruhusa, amelipa, hana, hajalipa, ana, hajalipa, hana. Kando ya kila mstari andika nani anafaa kutozwa, kisha endesha programu uone kama inakubaliana nawe. Mistari minne! Ningeichora kabla ya kutuma, ningelala kwa amani. Wiki 12 za bango hazikuwa na dakika 20 za jedwali hilo, kwa sababu jedwali linafanana na hesabu, na walikuwa wameniahidi hakuna hesabu.

Ya tatu sikuigundua kwa chama. Haigunduliki kwa watu 23. Nilikuwa nimeandika kipande cha kutafuta namba za simu zilizoandikishwa mara mbili: chukua wa kwanza, mlinganishe na wengine wote, chukua wa pili, mlinganishe na waliobaki, hivyo hivyo. Kwa watu 23 hizo ni jozi 253, na mashine inamaliza kabla hujainua kidole kutoka kwa kibodi. Halafu nikapata kazi kwa sako yenye wanachama 50,000. Kipande kile kile, hakuna herufi niliyobadilisha. Jozi sasa ni zaidi ya bilioni 1.2. Hata mashine ikilinganisha jozi milioni kumi kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya dakika mbili, na karani ameketi mbele ya skrini iliyoganda, foleni imefika mlangoni, mtu ananipigia simu.

Watu wanaongezeka mara elfu mbili na kidogo, kazi inaongezeka karibu mara milioni tano. Hiyo ndiyo hesabu ya kipeo cha pili, na hutakiwi kuisuluhisha, unatakiwa kuinusa. Ukiona mzunguko ndani ya mzunguko, zote mbili zikipita orodha ile ile, simama ujiulize orodha itafika ngapi. Mimi nilibadilisha: pita orodha mara moja tu, kila namba ukiiona iweke kwenye seti, na kabla ya kuiweka uliza kama imo tayari. Hatua 50,000. Karani alidhani nimewanunulia kompyuta mpya.

Na hapa, nikiri, zile logi zilizonishinda shule zilinipata. Ukiwa na orodha iliyopangwa ya watu 50,000 na unamtafuta mmoja, fungua katikati, tupa nusu isiyofaa, fungua tena katikati. Utafungua mara 16 tu, kwa sababu 2 ikizidishwa yenyewe mara 16 ni 65,536. Hiyo "mara ngapi nikate nusu?" ndiyo logi. Mwalimu wetu alitufundisha kuisoma kwenye jedwali, mstari na safu, bila kutuambia hata siku moja kwamba ni hesabu ya kukata nusu. Miaka minne!

Kwa hivyo anayejenga vitu vya biashara anahitaji baki, namba kamili za pesa, "na, au, si", na pua ya kunusa kazi inayovimba. Mtu wa D+ anayaweza yote. Mtu wa A anaweza kuyakosa yote, na nimefanya kazi na mmoja.

Ukitoka kwenye biashara mambo yanabadilika, na hapa bango linakuwa hatari kabisa. Rafiki yangu alikuwa anajenga programu ya kutafuta boda aliye karibu. Simu inakupa latitudo na longitudo ya mteja na ya kila boda. Yeye alichukulia kila digrii ni kilomita 111 na akatumia Pithagoras:

```
dx = (lon2 - lon1) * 111
dy = (lat2 - lat1) * 111
umbali = (dx**2 + dy**2) ** 0.5
```

Ikafanya kazi Nairobi bila wasiwasi. Akaiuza kwa jamaa wa London, ikaanza kukosea: boda aliye mita 620 upande wa mashariki inamwambia yuko kilomita moja, inachagua mwingine wa kaskazini aliye mbali zaidi. Kwa nini? Kwa sababu mistari ya longitudo inakaribiana kadiri unavyoondoka ikweta, mpaka inakutana nchani. Ikweta inapita Nanyuki, sisi tuko pale pale kwenye unene wa dunia, digrii ya longitudo ni kama kilomita 111 kamili. Nairobi kosa lake ni robo mita kwa kila kilomita. London, latitudo 51.5, digrii hiyo imesinyaa ikawa kama kilomita 69. Jiografia yetu ilikuwa imemfichia kosa.

Dawa ni kuzidisha `dx` kwa kosini ya latitudo: `math.cos(math.radians(lat1))`. Ule `radians` usiusahau, kwa sababu kompyuta haipimi pembe kwa digrii. Ukiandika `math.cos(60)` ukitarajia 0.5, itakupa -0.95 na haitakuonya. `dx` yenye ishara iliyogeuka, mashariki ikawa magharibi, ni dalili ya kosa hilo. Na ndiyo, hili ni lile swali la longitudo na latitudo tulilolikimbia kwenye mtihani. Nilimpigia simu mwalimu wangu wa zamani kumwambia. Alicheka mpaka akakohoa.

Ila usidhani kosini ndiyo mwisho. Simama kando ya barabara kuu ya Thika. Boda aliye ng'ambo yuko mita 60 kwa mstari mnyoofu, lakini hawezi kuruka ukuta, lazima aende hadi njia ya kugeukia. Umbali wa kweli ni wa barabarani, na njia ya kuutafuta ilichapishwa na Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1959. Ukiisoma utashangaa: ndani yake kuna kujumlisha na kulinganisha tu, ipi fupi kati ya hizi. Kitu kinachosifiwa kuwa kigumu, hesabu yake ni ya soko la Gikomba. Ugumu uko kwenye mpangilio wa hatua.

Wa michezo ya kompyuta watahitaji vekta, sini na kosini mapema sana, wiki ya pili hivi, mara tu wanapotaka risasi ielekee kwa adui badala ya kwenda kulia tu. Wa kufundisha mashine kutambua picha, hapo karani ana haki: matriki, uwezekano, na ile kalkulasi, kwa sababu bila hizo utakuwa unabonyeza vitufe vya wengine bila kujua kwa nini matokeo ni takataka. Wa usimbaji wa siri wanahitaji nadharia ya namba kwa kina, na wengine wote wanahitaji adabu ya kutojitungia usimbaji wao. Lakini hata hao, hakuna anayezaliwa na matriki mkononi. Rafiki yangu wa boda alijifunza kosini kwa jioni moja, akiwa na umri wa miaka 27, kwa sababu mteja alikuwa analalamika.

Kama mnataka mtihani wa getini, acheni cheti. Mpe kijana karatasi na dakika kumi. Gawa shilingi 100 kwa watu watatu, isipotee hata moja wala isizaliwe. Andika kinyume cha "amelipa na ana ruhusa". Watu 30 wakisalimiana kwa mikono, kila mmoja na kila mwenzake, ni salamu ngapi, na wakiwa 60 je? Akikosa, mfundisheni alasiri hiyo hiyo, ni masaa mawili. Halafu mpeni kompyuta.

Shosh bado anahakiki programu yangu kila Desemba kwa kalamu nyekundu. Mwaka jana tulikuwa sawa hadi senti, lakini alinipigia simu hata hivyo. Mwanachama wa 24 amejiunga, na mahali fulani kwenye msimbo bado nilikuwa nimeandika `% 23`.